Jinsi ya kuipa programu picha chache tu badala ya galari nzima

Nina kibanda cha vifaa vya simu hapa Chake Chake, na wateja wangu wengi ni wanawake. Sababu wanaisema wazi: hawataki fundi mwanamme ashike simu yenye picha za singo, za kupakana hina, na za mtu akiwa ndani kwake hana mtandio. Basi wanakuja kwangu. Halafu nikifungua mipangilio ya simu hiyohiyo nakuta programu ya kuunga video, programu ya kupamba picha na mchezo mmoja wa watoto, zote tatu zimeruhusiwa kuona galari nzima. Fundi amefungiwa mlango, programu tatu zimekaa sebuleni.

Nikilisema hilo, jibu huwa lilelile: "Dada, nikiinyima ruhusa si haitafanya kazi?" Itafanya. Kati ya kuipa yote na kuinyima kabisa kuna njia ya tatu, nayo ni kuipa picha unazozichagua wewe, moja moja, na nyingine zote isizione. Nimeieleza kwa mdomo mara nyingi mno, leo naiandika.

Mfano wangu ni wifi yangu, anayeuza mikeka na mikoba ya ukili. Alitaka kuunga picha 12 za mikoba ziwe video fupi yenye muziki aiweke kwenye stetasi. Simu yake ina picha elfu tatu na mia kadhaa. Humo mna harusi ya dada yake, watoto wakikoga uani, kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi alichokipiga mbele na nyuma, na picha za skrini za miamala ya pesa. Programu ya kuunga video inahitaji mikoba 12 tu.

Kabla ya kuanza

Kwanza jua simu yako ina Android ya ngapi. Fungua `Settings`, shuka mpaka `About phone`, utafute `Android version`. Kwenye Samsung imejificha hatua moja zaidi, ndani ya `Software information`. Ikiwa ni 14 au zaidi, hatua zote za hapa chini ni zako. Njia hii ilikuja na Android 14, iliyotoka Oktoba 2023. Ikiwa ni 13 au chini ya hapo usifunge ukurasa, nimekuwekea njia yako mbele kidogo. Wenye iPhone nao wana sehemu yao.

Pili, maliza kazi yoyote uliyoiacha nusu ndani ya programu unayotaka kuibana. Ukiiondolea ruhusa, simu huizima programu hiyo papo hapo, na kama video yako haijahifadhiwa utaianza upya. Wifi yangu alipoteza sauti aliyoirekodi kwa namna hiyo, na kosa lilikuwa langu, sikumwambia.

Tatu, sasisha programu yenyewe kutoka Play Store. Utaona sababu mwishoni, kwenye sehemu ya "Ikigoma".

Maneno ya kwenye skrini nimeyaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa kwa Kiingereza, maana simu nyingi ninazoletewa ziko hivyo. Samsung, Tecno na Infinix hubadilisha neno moja hapa na pale, lakini maana haibadiliki.

Hatua zenyewe, kwa Android 14 na kuendelea

1. Tenga picha zako kwanza. Fungua galari, tengeneza albamu mpya, uipe jina kama Biashara, kisha hamishia humo picha unazotaka programu izione. Hatua hii si ya lazima, ila bila yake utakuja kuzitafuta picha 12 kati ya elfu tatu kwa kidole, na hapo ndipo mtu huchoka akabonyeza kitufe cha kuruhusu zote. Wifi yangu alitenga picha 15, tatu za akiba.

2. Funga mlango wa zamani. Nenda `Settings`, kisha `Apps`, chagua programu yako, ingia `Permissions`, halafu `Photos and videos`. Ukikuta tiki ipo kwenye `Always allow all` au `Allow all`, programu inaona kila kitu. Kama hapohapo kuna `Allow limited access`, iguse hiyo; simu nyingi huweka alama ya kalamu pembeni yake, na ukiigusa kalamu zinafunguka picha za kuchagua. Katika hali hiyo ruka hadi hatua ya 5. Kama haipo, gusa `Ask every time`, na hiyo nayo ikikosekana gusa `Don't allow`. Programu mpya, ambayo hujairuhusu kitu bado, haina haja ya hatua hii.

3. Ifungue programu, uguse pale pa kuongezea picha. Usiharakishe. Simu itauliza swali lenye majibu matatu.

4. Soma majibu yote kabla ya kugusa. Unalolitaka limeandikwa `Allow limited access`, au `Select photos and videos` kwenye Android 14 za mwanzo. Mara nyingi `Allow all` iko jirani yake, na kidole kilichozoea kukubali kinakwenda huko chenyewe. Ukikosea, rudi hatua ya 2, hakuna kilichoharibika ukiwahi.

5. Chagua picha. Litafunguka dirisha la picha lenye sehemu mbili juu, ya picha zote na ya albamu. Dirisha hili ni la simu, si la programu. Watu wengi hushtuka hapa: "Mbona imeziona zote?" Unayeziona ni wewe. Programu inasubiri nje, itapewa zile utakazozitia tiki tu. Nenda kwenye albamu, fungua Biashara, zitie tiki moja moja, kisha gusa kitufe kinachothibitisha chini. Kwa kawaida kinaandika idadi ulizochagua. Wifi yangu kilimwandikia 14 badala ya 15, na tulipohesabu tukakuta mkoba mmoja kaugusa mara mbili, tiki ikatoka.

6. Hakikisha. Ndani ya programu fungua tena pale pa kuongezea picha, uhesabu. Lazima ziwe zilezile ulizochagua, au na zile ambazo programu yenyewe imewahi kuzitengeneza na kuzihifadhi, maana programu haihitaji ruhusa yako kuziona kazi zake. Ukikuta harusi ya dada yako imo, hujafanikiwa, rudi hatua ya 2.

Neno moja kuhusu albamu, kwa sababu karibu kila mtu hulielewa kinyume. Unachoruhusu ni picha, si albamu. Kesho ukipiga mkoba mpya ukautia kwenye Biashara, programu haitauona mpaka uende ukautie tiki. Albamu ni ya kukurahisishia wewe kuchagua. Simu haikumbuki kwamba picha hizo zilitoka kwenye albamu fulani.

Kuongeza na kupunguza picha

Siku tatu baadaye wifi yangu alinipigia simu saa nne usiku, programu "imeharibika", mikoba mipya haionekani. Haikuharibika. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Kuongeza, rudi `Settings`, `Apps`, programu yako, `Permissions`, `Photos and videos`, uguse ile alama ya kalamu. Baadhi ya programu zina njia fupi: juu ya orodha ya picha utaona maelezo kwamba umeruhusu baadhi tu, na kitufe kama `Manage` cha kukupeleka kuchagua tena. Dirisha likifunguka, angalia kwanza zipi tayari zina tiki kabla hujagusa kitu, usije ukatoa ya zamani ukidhani unaongeza mpya.

Kupunguza ni hivyohivyo, kwa kutoa tiki. Ila kuwa mwangalifu na programu za kuunga video. Ukiinyang'anya picha iliyomo kwenye kazi ambayo hujaimaliza, mahali pa picha hiyo pataonekana peusi au patupu, kwa sababu programu nyingi za aina hii hazikopi picha, zinaisoma ilipo. Toa kwanza video iliyokamilika ikae galari, ndipo upunguze.

Na hapana, kuibana programu hakuizuii kuhifadhi video iliyokamilika kwenye simu yako. Tangu Android 10 programu inaweza kuongeza picha na video zake bila kuwa na ruhusa ya kuangalia zako. Wapo wanaotoa ruhusa ya galari nzima kwa hofu hii peke yake.

Ikiwa simu yako ni Android 13 au chini

Hapa swali la simu lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana. Kwenye 13 ruhusa inaitwa `Photos and videos`, kwenye 11 na 12 inaitwa `Files and media`. Njia ya katikati haimo, lakini kuna mlango wa nyuma ambao mimi binafsi naupenda kuliko wa mbele.

1. Inyime programu ruhusa hiyo kabisa, kwa kugusa `Don't allow`.
2. Usianzie ndani ya programu. Anzia kwenye galari: zishikilie picha unazotaka zipate tiki.
3. Gusa alama ya kushea, kisha chagua programu kwenye orodha inayotokea.

Simu itaikabidhi programu picha hizo tu. Kwa kutuma WhatsApp njia hii inatosha kabisa, na hata kwenye Android 14 unaweza kuitumia. Udhaifu wake ni kwamba si kila programu imo kwenye orodha ya kushea, na nyingine hupokea picha moja kwa wakati. Kuna pia programu ambazo ukigusa pa kuongezea picha hufungua dirisha la simu lenyewe bila kuomba ruhusa yoyote. Hizo ndizo zilizotengenezwa kwa adabu, kwa hiyo jaribu kwanza kabla hujaikubalia kitu.

Kwa wenye iPhone

Njia hii ilianza na iOS 14, mwaka 2020. Ingia `Settings`, `Privacy & Security`, `Photos`, chagua programu, gusa `Limited Access`, halafu `Edit Selected Photos` uzitie tiki. Kwenye iOS 14 hadi 16 jina lake ni `Selected Photos`. Programu mpya ikiuliza, jibu lako ni `Limit Access`, au `Select Photos` kwenye zile za zamani. Ukikuta `Add Photos Only`, hiyo inairuhusu programu kuongeza picha kwenye galari bila kuona hata moja, na kwa programu ya kupakua video haihitaji zaidi ya hapo.

Mengine yote ni kama nilivyosema juu: picha mpya hazijiongezi zenyewe.

Zisizofaa kubanwa

Programu ya galari yenyewe, na ile inayohifadhi nakala za picha zako mtandaoni. Ukiibana ya nakala, itahifadhi zile chache tu ulizoiruhusu, na hutajua mpaka siku simu inaanguka baharini kwenye boti ya Mkoani. Hizi ziache ziruhusiwe zote, au uzifute kabisa kama huziamini.

Ikigoma

*Programu haiulizi tena.* Ukigusa `Don't allow` mara mbili, simu huchukulia umeshaamua na haikusumbui tena. Programu inabaki kuonyesha ukurasa mtupu, au kukwambia nenda kwenye mipangilio. Fuata njia ya hatua ya 2, tafuta `Allow limited access` au `Ask every time`. Ikishindikana kote, futa programu na uipakue upya, swali litarudi. Kabla ya kufuta, toa nje video zote za ndani yake, kwani zile ambazo hazijakamilika zinaweza kupotea.

*Inauliza kila mara nikiifungua.* Programu hiyo haijatengenezwa kwa mtindo mpya. Simu inajaribu kukulinda kwa kuipa picha ulizochagua kwa muda ule tu. Ukitoka nje, baada ya muda ruhusa inakatika na utaulizwa tena. Isasishe. Ikiwa tayari umeisasisha na bado iko hivyo, vumilia kuchagua kila mara au tumia kushea. Usichoke ukagusa `Allow all`.

*Inasema haitafanya kazi bila kuruhusu zote.* Jiulize inafanya nini. Programu ya kuunga picha haina haja na picha ambazo huziungi, na zipo nyingi za kazi hiyo, kwa hiyo badilisha. Ikiwa ni programu ya mkopo, funga kabisa: tangu 31 Mei 2023 sheria za Play Store zinazikataza programu za mikopo binafsi kuingia kwenye picha za mteja na orodha ya majina na namba alizohifadhi kwenye simu. Inayodai galari ama inavunja sheria hiyo, ama umeipata kwa linki iliyotumwa kwenye grupu.

*Nimeibana lakini bado inaona zote.* Nimekutana nalo mara mbili, na mara zote ilikuwa programu ya "kusafisha simu". Ina ruhusa nyingine kubwa kuliko ya picha. Ingia `Settings`, `Apps`, `Special app access`, kisha `All files access`. Kwenye Samsung, gusa nukta tatu juu ya ukurasa wa `Apps` ndipo uione `Special access`. Programu yoyote iliyowashwa humo inasoma mafaili yote ya simu, picha zikiwemo, na kubana `Photos and videos` peke yake hakuizuii. Izime. Programu ya kupangia mafaili ina sababu ya kuwa humo, ya tochi haina.

*Sijui ni programu zipi zimeruhusiwa.* Kwenye sehemu ya kutafutia juu ya `Settings`, andika:

```
Permission manager
```

Ifungue, gusa `Photos and videos`, utaona orodha nzima kwa pamoja. Kwa wifi yangu tulikuta 11. Tulipomaliza zikabaki mbili zinazoona zote, ya galari na ya nakala. Nne tulizibana, tano tukazifuta, kwa kuwa hata yeye hakukumbuka alizipakua lini.

*Ilishapewa galari nzima mwaka mzima, nikiibana leo picha zitarudi?* Ilichokwisha kukipandisha kwenye seva zao hakirudi kwa kubana ruhusa, kwani ruhusa inahusu kuanzia sasa. Unachoweza kufanya ni kuingia ndani ya programu, kwenye akaunti yako, utafute pa kufutia akaunti pamoja na data, ufanye hivyo kabla ya kuifuta programu kwenye simu. Ukiifuta programu tu, akaunti inabaki hukohuko. Wifi yangu alifanya kinyume, akaifuta programu ya kupamba picha kwanza, ikabidi aipakue tena na kuingia kwa namba ileile ili akaifute akaunti. Safari hii ilipomwuliza kuhusu picha aligusa `Don't allow`, na akaunti ilifutika bila tatizo.